Mimba Inapoufichua Moyo Mgonjwa



Tunaandika kutoka hapa Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Manyoni na Singida. Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mama aliyebeba mimba amelionja, nalo ni kuhema. Wengi wetu tumelizoea kiasi kwamba mwenzetu akisema, "Nahema sana siku hizi," tunacheka na kumjibu, "Mimba hiyo, vumilia." Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini wakati mwingine mimba huwa imefunua ugonjwa wa moyo uliokaa kimya tangu utotoni, na jibu hilo hilo laweza kumpeleka mama kaburini.

Tuanze na mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka 24, na mimba hiyo ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alimzaa salama akiwa na miaka 19. Kabla ya mimba hii alikuwa akilima alizeti na uwele kama wenzake, akichota maji na kutwanga. Mimba ilipofika wiki ya 24 alianza kupumzika njiani akitoka kisimani, na ndoo aliyoizoea ikawa nzito. Mama mkwe wake aliona ni uvivu. Alipofika kliniki na kikohozi cha usiku, sisi tulimpa dawa ya kichomi. Aliporudi baada ya wiki moja akiwa hana nafuu, tulidhani ni pumu, naye akapewa dawa ya kuvuta. Usiku ule moyo ulimwenda mbio kuliko mwanzo.

Mara ya tatu tulimwuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza: "Mdogo wangu, usiku unalalaje?"

Akatujibu, "Sista, silali. Nikijilaza nazama kama mtu aliye ndani ya maji. Naegemea ukuta mpaka kuche."

Tulipomhesabia mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, hali amekaa kimya kwa muda. Alikuwa anavuta pumzi mara 32 kwa dakika. Homa hakuwa nayo. Daktari alimlaza ubavu wa kushoto, akasikiliza chini ya titi kwa muda mrefu, kisha akatuambia tuite gari la wagonjwa.

Sasa, ni nini kilichotokea ndani ya mwili wa mama huyu? Ili tuelewe, inatupasa kwanza tujue mimba isiyo na kasoro inafanya nini katika mwili wa mama mwenye afya.

DAMU INAYOONGEZEKA

Mama ambaye hana mimba ana damu kati ya lita 4 na 5. Mimba ikiingia, damu huanza kuongezeka tangu wiki za mwanzo, kabla hata tumbo halijaonekana. Ikifika karibu wiki ya 32 imezidi kwa kiasi cha lita moja na nusu hivi. Damu hiyo ina kazi. Mji wa mimba peke yake, siku za mwisho, hupokea nusu lita ya damu au zaidi kila dakika ili kondo la nyuma limlishe mtoto. Tena ni akiba, kwa maana siku ya kujifungua mama hupoteza damu, na mwili umekwisha kujiandaa.

Sehemu ya maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu. Ndiyo sababu damu ya mama mjamzito huwa nyepesi kidogo, na ndiyo sababu tunawapa vidonge vya madini ya chuma. Wekundu wa damu ukishuka chini ya 11, huo ni upungufu wa damu unaotakiwa kutibiwa.

Damu ikiongezeka, nani anaisukuma? Ni moyo ule ule. Mishipa hulegea na kupanuka, hivyo presha hushuka kidogo katika miezi ya katikati. Moyo nao huongeza mapigo 10 hadi 20 kila dakika. Mama ambaye moyo wake ulipiga mara 72 sasa unapiga 85 au 90. Kwa jumla kazi ya moyo hupanda kwa theluthi moja hadi nusu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huwa imekwisha kufika katika wiki ya 28 hadi 32.

Moyo wenye afya huubeba mzigo huo. Mama huchoka upesi, huhema akipanda mlima, na miguu huvimba jioni. Lakini analala, anaamka na anaendelea na kazi zake.

MLANGO WA ZIZI

Moyo una vyumba vinne, na kati ya vyumba kuna milango inayofunguka na kufunga. Mlango tunaouzungumzia leo, unaoitwa mitrali, uko upande wa kushoto. Damu ikitoka kwenye mapafu ikiwa imebeba hewa safi, inaingia chumba cha juu, inapita mlango huo na kushuka chumba cha chini, ambacho huisukuma kwenda mwili mzima.

Sisi wa Singida tunaijua mifugo, basi tufikirie zizi. Ng'ombe wanarudi jioni na mlango wa zizi uko wazi na mpana. Hata wakija wengi wanaingia bila kusukumana. Sasa mlango huo umezibwa na miti mpaka anapita ng'ombe mmoja mmoja. Kama kundi ni dogo na mchungaji ana muda, wote wataingia, na mpita njia hatajua kwamba mlango una kasoro. Lakini siku kundi likiongezeka kwa nusu, na tena mlango unafunguliwa kwa muda mfupi kuliko zamani, ng'ombe watarundikana nje.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu. Mlango huu kwa mtu mzima una nafasi ya sentimita za mraba 4 hadi 6, yaani vidole viwili vinaweza kupita. Alipopimwa moyo kwa mashine ya ultrasaundi kwenye hospitali kubwa, wake ulikuwa umebaki sentimita moja ya mraba, mwanya wa kuingiza ncha ya kidole kidogo tu.

Hapo yale mambo mawili ya mimba yalimshambulia kwa pamoja. Kwanza damu ya kupita ilikuwa nyingi. Pili muda wa kupita ulikuwa mfupi. Mlango huu hufunguka pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, mapumziko hayo ni marefu kuliko kazi. Ukipiga mara 110 au zaidi, muda wa mapumziko hupungua kwa karibu nusu. Basi damu ilirundikana nyuma ya mlango, ikarudi kwenye mapafu, na maji yake yakaanza kuvuja kuingia mahali pa hewa. Kikohozi chake kilitokana na maji hayo, wala hakikuwa kichomi. Akijilaza, damu ya miguuni ilirudi kifuani na kuzidisha mafuriko, na ndiyo maana aliegemea ukuta. Nayo dawa ya pumu tuliyompa, kwa kuwa huongeza mbio za moyo, ilizidi kuufupisha muda wa mlango kuwa wazi.

Mtu atauliza, "Mbona mimba ya kwanza alipita salama?" Ni kwa sababu mlango huu huziba pole pole, mwaka hadi mwaka. Alipokuwa na miaka 19 nafasi ilikuwa bado inatosha. Kwa hiyo akina mama, kuzaa salama mara ya kwanza si cheti cha moyo.

UGONJWA ULITOKA WAPI

Daktari alimwuliza kama aliwahi kuugua viungo alipokuwa mtoto. Alikumbuka. Akiwa na miaka kama 10 aliacha shule kwa majuma kadhaa kwa sababu goti lilivimba, likapona, kisha kikavimba kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Bibi yake alimkanda kwa mafuta, akapona, na habari ikaisha.

Kumbe haikuisha. Ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Huanza na mafindofindo, yaani maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria wa aina fulani, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili unapopigana na bakteria hao, silaha zake hukosea na kushambulia viungo na milango ya moyo. Viungo hupona bila alama. Milango ya moyo hubaki na makovu, na homa ikirudi makovu huongezeka, mpaka kingo za mlango zinashikana na kuwa ngumu. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka 10 au 20 bila maumivu yoyote. Kwa msichana, miaka hiyo inamfikisha pale pale anapoolewa na kubeba mimba.

Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa adimu. Kwetu Afrika Mashariki bado upo, na mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziupige vita.

Tuseme pia kwamba si kila kasoro ya mlango huleta taabu hii. Mlango unaovuja mara nyingi huvumilia mimba vizuri zaidi, maana mishipa ya mwili imelegea na damu inapata njia rahisi ya kwenda mbele. Mlango uliobana ndio usiovumilia. Tena upo ugonjwa mwingine ambapo msuli wa moyo wenyewe hudhoofika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye hakuwahi kuwa na kasoro. Dalili zake zinafanana na hizi, na njia ya kwenda hospitali ni ile ile.

KUHEMA KWA KAWAIDA NA KUHEMA KWA HATARI

Kuhema kwa kawaida huja pole pole, humruhusu mama kulala, na humwachia afanye kazi za nyumbani kwa kupumzika. Miguu ikivimba jioni hupungua asubuhi.

Kuhema kwa hatari humnyima mama usingizi. Anaongeza mto wa pili na wa tatu, au analala ameketi. Anashtuka usiku akitafuta hewa na kukimbilia dirishani. Anakohoa akijilaza, na makohozi yaweza kuwa na povu lenye damu. Anashindwa leo kazi aliyoiweza wiki mbili zilizopita. Anazimia, anaumwa kifua, au anasikia moyo ukipiga bila mpango. Moja tu kati ya hizi yatosha kwenda kituo siku hiyo hiyo, na ukiwa unatafuta hewa hata umekaa, ni safari ya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Tofautisha pia na kizunguzungu kinachokuja mama mwenye mimba kubwa akilala chali. Hapo mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akigeukia ubavu, hasa wa kushoto, kinaondoka. Mwenye maji kwenye mapafu haponi kwa kugeuka. Yeye hutaka kukaa.

Kuna kipimo ambacho mama anaweza kukifanya nyumbani. Kaa kimya kwa dakika 10. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika nzima ukitazama saa. Yakipita 100 huku umepumzika, au pumzi zikipita 24 kwa dakika, usisubiri tarehe ya kliniki. Huenda ni upungufu wa damu au malaria, huenda ni moyo. Vyote vinahitaji kutibiwa, na mwenye mlango mwembamba akipata malaria au upungufu wa damu huzidiwa haraka, maana vyote viwili huukimbiza moyo.

SIKU YA UCHUNGU NA SIKU ZINAZOFUATA

Mama yetu alilazwa. Alipewa dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, na dawa ya kupunguza mbio za moyo. Mapigo yaliposhuka hadi 80 mlango ulipata muda wa kutosha, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alilala usiku kucha. Alitibiwa upungufu wa damu, akakatazwa kazi nzito, na kuanzia wiki ya 36 akahamia kwa ndugu yake anayekaa karibu na hospitali ya mkoa. Mama mkwe, yule aliyesema ni uvivu, ndiye aliyemsindikiza.

Wengi hudhani mama wa namna hii lazima apasuliwe. Sivyo. Mara nyingi njia ya kawaida ndiyo salama zaidi, mradi iwe kwenye hospitali yenye oksijeni, damu na madaktari. Kila uchungu unapobana, mji wa mimba hukamua damu ya kiasi cha mililita 300 hadi 500 na kuirudisha kwenye moyo. Maumivu na hofu nayo huongeza mapigo. Kwa hiyo alikaa ameegemea, hakulazwa chali, alipewa dawa ya maumivu, dripu zilitolewa kwa kipimo kidogo, na mtoto alipokaribia alivutwa kwa kifaa ili mama asisukume sana. Sindano ya egometrini, ambayo hubana mishipa na kupandisha presha, hakupewa. Alipewa oksitosini, tena pole pole.

Mtoto alilia, mwenye kilo 2 na nusu. Ndugu wakashangilia, wakadhani hatari imepita.

Saa tatu baadaye, wauguzi wenzetu walitusimulia, mama alianza kukohoa na kuomba akalishwe. Hili tunaomba mlikumbuke kuliko yote. Mtoto na kondo vikitoka, mji wa mimba hujikunja, na damu iliyokuwa ikienda huko inarudi yote kwenye moyo. Mshipa mkubwa uliokandamizwa nao unafunguka. Ndipo kundi kubwa kuliko yote linapofika kwenye mlango mwembamba. Saa 24 hadi 48 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, na siku kadhaa zinazofuata si za kuaminika, kwa kuwa maji yaliyojaa mwilini bado yanarudi kwenye mishipa. Kwa bahati alikuwa mbele ya watu waliojua. Alikalishwa, akapewa oksijeni na sindano ya kutoa maji, na kulipokucha alikuwa amenyonyesha. Hakuruhusiwa kutoka kwa muda wa wiki nzima. Angekuwa nyumbani, tungesema amekufa kwa uzazi, na pengine mtu angetafutwa wa kusingiziwa uchawi.

BAADA YA HAPO

Miezi kadhaa baadaye mlango wake ulipanuliwa Dar es Salaam bila kupasuliwa kifua. Mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, na kiputo kilicho mwisho wake hujazwa kwenye mlango na kuzitenganisha kingo zilizoshikana. Kwa mama aliyezidiwa kabisa laweza kufanyika hata akiwa na mimba. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, hivyo safari ya India si njia pekee tena. Si kila mlango unafaa kwa kiputo. Ulioharibika sana hubadilishwa, na baadhi ya milango ya kubandika hudai dawa ya kuyeyusha damu maisha yote, ambayo nayo ina shida zake katika mimba. Ndiyo sababu mwanamke mwenye ugonjwa huu azungumze na daktari kabla hajabeba mimba, na mumewe akiwepo.

Yeye sasa anachomwa penisilini kila wiki nne ili homa ya baridi yabisi isirudi na kuongeza makovu. Ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, maana vidonge vyenye mchanganyiko wa homoni mbili huongeza hatari ya damu kuganda, na yeye hafai kuvitumia. Mlango wake umepanuka, lakini haukurudi kuwa mpya. Anarudi kupimwa kila anapoitwa.

Mama msomaji, ukienda kliniki, hata kama ni ziara ya kwanza, mwambie muuguzi mambo haya bila kungoja kuulizwa: kama utotoni uliwahi kuvimba viungo vilivyohama, kama uliwahi kuambiwa moyo wako una sauti, na unalala na mito mingapi. Muuguzi akisema ni mimba tu, nawe usiku unakaa kitako, rudi tena umwambie kwamba hulali. Sisi wenyewe tuliambiwa mara ya tatu ndipo tukasikia.

Na mtoto wako akilalamika koo lenye maumivu na homa, mpeleke akapimwe, na dawa atakayopewa aimalize hata kama amepona siku ya pili. Binti huyo naye ataolewa siku moja.

Tukutane tena mwezi ujao.